Namba ya uthibitisho haiji: pa kuanzia ukiwa ugenini au ukishabadilisha laini

Mdogo wangu alinipigia kwa WhatsApp kutoka Maskati, saa nne usiku, sauti imemkauka. Alikuwa amenunua simu mpya, akapakua aplikesheni ya benki yake ya nyumbani, akajaza kila alichoulizwa, na sasa skrini inamtaka aandike tarakimu sita zilizotumwa kwenye namba yake ya Tanzania. Laini ya Tanzania imo ndani ya simu. Meseji haiji. "Kaka, nimeshabonyeza tuma tena mara saba."

Nilimwambia aache kubonyeza, na nawe ukiwa hapo sasa hivi, acha. Mifumo mingi hutengeneza namba mpya kila unapoomba, na ile ya mwanzo hufa palepale. Meseji zikichelewa njiani haziji kwa foleni. Ya tatu inaweza kuingia baada ya ya tano. Kwa hiyo hata zikimiminika zote saba hutajua ipi ndiyo hai, utaandika iliyokufa, na ukikosea mara kadhaa mfumo unakufungia kwa saa kadhaa au siku nzima. Weka simu chini kwa dakika kumi na tano. Ukirudi, omba mara moja tu na uandike saa uliyoomba. Hiyo saa utaihitaji utakapozungumza na benki.

Niliwahi kutunza kwa miaka kadhaa mfumo wa kutuma meseji wa chama cha akiba na mikopo, kwa hiyo nimekaa upande wa pili wa tatizo hili, upande wa anayeapa kwamba "sisi tumetuma". Mara nyingi anasema kweli.

Jaribio la kwanza: meseji ya mtu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, mwambie mtu aliye nyumbani akutumie meseji ya kawaida kwenye laini hiyo. Isiwe WhatsApp wala Telegramu. Iwe meseji ya kawaida inayokatwa kwenye salio lake au bando lake la sms. Maneno yoyote yatafaa. Subiri dakika tano.

Jaribio hili linaigawa njia katikati. Meseji ya mtu isipofika, tatizo liko kwenye laini yako, simu yako au mtandao ulioshikilia laini hiyo, na benki haihusiki hata kidogo. Ikifika huku ya benki haifiki, laini ni nzima na tatizo liko upande wa anayetuma, au kwenye kichujio kimojawapo kati yake na wewe. Watu wengi huruka hatua hii, wakapoteza siku mbili wakigombana na benki ilhali laini yao haijashika mnara tangu watoke uwanja wa ndege.

Ili uelewe kwa nini jaribio linasema kweli, fuata njia ya ujumbe. Benki haina mnara. Inamkabidhi ujumbe kampuni ya kusambaza meseji, naye anaupeleka kwenye kituo cha meseji cha mtandao wako wa nyumbani. Kituo hicho kinaliuliza daftari la wateja la mtandao huohuo: namba hii iko wapi sasa? Daftari linajibu kwamba mara ya mwisho ilijiandikisha kwenye mtandao fulani wa Omani, na ujumbe unatumwa huko, na mtandao wa Omani unaushusha kwenye simu. Hata ukiwa Maskati au Toronto, safari lazima ipitie nyumbani. Na daftari halijui uliko wewe. Linajua tu kadi yako ilijiandikisha wapi mara ya mwisho.

Kama kadi haipatikani, kituo hakitupi ujumbe papo hapo. Kinauhifadhi na kujaribu tena, na kadi ikirudi hewani daftari hukiarifu kituo kiutume upya. Lakini kila ujumbe una muda wake wa kuishi, anaoupanga mtumaji. Meseji ya shangazi inaweza kukaa siku nzima ikikungoja. Ya benki, kwa kuwa namba yenyewe inaisha baada ya dakika chache, mara nyingi hupewa dakika hizohizo kisha ikafutwa. Ndiyo maana ukiwasha simu asubuhi unakuta salamu za jana lakini hukuti namba ya uthibitisho hata moja.

Meseji ya mtu nayo haiji

Tazama alama za mtandao za laini hiyo, si za ile ya Omani iliyo pembeni yake. Simu ya laini mbili huonyesha safu mbili za vijiti, na jicho huenda kwenye ile iliyojaa. Mdogo wangu aliniapia kuwa ana mtandao. Alipoangalia vizuri, safu ya pili ilikuwa na alama ya kukataa, na ndani ya mipangilio imeandikwa `Emergency calls only`. Maana yake simu inaiona minara, lakini hakuna mtandao hata mmoja uliokubali kuiandikisha kadi yake.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kitufe cha `Data roaming` kwenye simu kinahusu intaneti peke yake. Ukikizima, meseji bado zinaingia, na kwa anayetumia laini ya Omani kwa intaneti ni vizuri kikae kimezimwa kwenye laini ya nyumbani ili salio lisiliwe. Romingi yenyewe, yaani laini ya nyumbani kutumia minara ya nchi nyingine, ni ruhusa inayotolewa na mtandao wako wa nyumbani, na kwa laini za malipo ya kabla kuna mitandao inayotaka uiombe kwanza, au uwe na salio, ndipo ifunguke. Hilo ni rahisi kulifanya ukiwa bado nyumbani. Ukiwa tayari nje, jaribu aplikesheni ya mtandao wako kupitia intaneti ya hapo ulipo, au wapigie huduma kwa wateja kwa namba yao ndefu inayoanza na alama ya kujumlisha, kwa sababu namba fupi haziaminiki ukiwa nje.

Ruhusa ikiwepo na bado hakuna vijiti, chagua mtandao kwa mkono. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio ya laini hiyo, zima uchaguzi wa moja kwa moja, ngoja dakika moja au mbili orodha itokee. Omani utaona Omantel, Ooredoo na Vodafone. Jaribu mmoja, ukikataliwa jaribu unaofuata. Simu ikiachwa ijichagulie huenda ikang'ang'ania mtandao usio na makubaliano na wako. Kwa laini ya malipo ya kabla sharti ni kubwa zaidi: mitandao miwili inaweza kuwa na makubaliano kwa wateja wa mkataba tu, bila mfumo wa kukata salio lako ukiwa mbali, na laini yako ikakataliwa hapo huku ya bosi wako ikikubaliwa. Mdogo wangu alikataliwa na wa kwanza. Wa pili ulimpokea ndani ya dakika moja, herufi ndogo `R` ikatokea kando ya vijiti, na meseji niliyokuwa nimemtumia nusu saa nyuma ikaingia.

Wa Marekani wana tatizo lao. Kampuni tatu kubwa za huko zilizima 3G mwaka 2022. Kama mtandao wako wa nyumbani una makubaliano ya romingi ya 2G na 3G tu, laini itazunguka ikitafuta kitu ambacho karibu hakipo tena, hata ukiwa umesimama chini ya mnara. Dawa yake haimo ndani ya simu. Uliza mtandao wako swali moja: mna romingi ya 4G nchi hiyo, kwa laini ya malipo ya kabla? Jibu likiwa hapana, usipoteze muda na mipangilio, nenda moja kwa moja kwenye njia nyingine nitakazozieleza chini.

Kama vijiti vimejaa, ruhusa ipo, na bado meseji ya mtu haiingii, angalia nafasi. Simu za vitufe zinazohifadhi meseji kwenye kadi yenyewe hujaa upesi, maana kadi hubeba meseji chache tu, na kadi iliyojaa hukataa mpya kimyakimya. Futa chache, zima simu, washa.

Halafu kuna laini iliyokufa kwa kutotumika. Mitandao mingi huhesabu siku tangu ulipofanya jambo la kulipia kwa mara ya mwisho, na siku 90 ni kiwango cha kawaida, ingawa kila mtandao una masharti yake. Kupokea meseji kwa kawaida hakuhesabiwi. Laini ikifungwa, baada ya muda namba huuzwa kwa mtu mwingine, na hapo namba zako za uthibitisho zitafika vizuri kabisa, kwenye simu ya mtu usiyemjua. Dalili yake: mwambie mtu aipigie namba yako. Akiambiwa namba haitumiki, au akipokewa na sauti ngeni, acha mengine yote, ingia kwenye kila akaunti unayoweza kuingia bado na uitoe hiyo namba.

Dalili ya mwisho hapa ni ya hatari. Uko nyumbani, hujasafiri, hujagusa kadi, na ghafla laini imepoteza mtandao wakati simu za wenzako wa mtandao huohuo ni nzima. Zima simu na uwashe mara moja tu. Ikibaki hivyo, azima simu ya jirani uwapigie mtandao wako na uulize kama kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi nyingine. Kama ndivyo, wafunge laini, kisha ipigie benki bila kukawia. Meseji zako za uthibitisho zinafika, ila hazifiki kwako.

Ya mtu inaingia, ya benki haiingii

Hapa ndipo mdogo wangu alipofika. Vijiti vipo, `R` ipo, salamu zangu zimeingia, na benki bado kimya.

Anza na yaliyo karibu. Kwenye aplikesheni ya Messages ya Android kuna folda ya `Spam & blocked`, na meseji yenye jina badala ya namba, ikiwa na tarakimu na kiungo ndani yake, ina sura ileile ya meseji ya utapeli. iPhone nayo ina kichujio cha watumaji wasiojulikana kinachozitenga bila kukupigia kengele. Fungua utazame, dakika moja inatosha.

Kama namba ya simu umeiandika mwenyewe, isome upya. Kosa linaloongoza ni kuibakiza sifuri ya mwanzo baada ya alama ya nchi. Ukishaandika +255 au +254, sifuri inaondoka na zinabaki tarakimu tisa. Burundi na Omani zina nane. Fomu nyingine hukubali sifuri hiyo bila kulalamika, zikatuma kwenye namba isiyokuwepo duniani.

Kwa wa Kenya wanaotumia Safaricom kuna kizuizi cha hiari ambacho mtu hukiweka akakisahau. Ukipiga `*456*9*5#` unapata menyu ya meseji za matangazo, na wengi waliochoshwa na kamari wamefunga zote. Mtumaji aliyesajili jina lake kwa matumizi ya huduma hapaswi kuguswa na kizuizi hicho. Lakini kampuni ikitumia jina lililosajiliwa upande wa matangazo kukutumia namba ya uthibitisho, namba inazuiwa pamoja na kamari. Fungua menyu, ruhusu, jaribu mara moja. Ukishaingia unaweza kufunga tena.

Kama uliwahi kuhamisha namba yako kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, jambo linalowezekana Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu Machi 2017, tazama ni nani asiyekufikia. Wa ndani ya nchi wanafika, ila kampuni za nje, kama mitandao ya kijamii, hazifiki? Basi msambazaji wao bado anakisia mtandao wako kwa kutazama tarakimu za mwanzo, na anapeleka ujumbe kwenye mtandao uliouhama. Hutaweza kulirekebisha wewe. Omba upigiwe simu badala ya meseji kama chaguo hilo lipo, lakini kumbuka kuwa ukiwa romingi kupokea simu hulipiwa, wakati kupokea meseji kwa mitandao mingi ni bure. Sauti inayosoma tarakimu mara mbili inaweza kukumalizia salio kabla haijafika ya sita.

Hayo yote mdogo wangu hakuwa nayo. Nikamuuliza swali ambalo ningelianza nalo kama ningekuwa na akili usiku ule: hiyo kadi uliipata lini?

Laini mpya, namba ileile

Siku nne kabla ya safari alikuwa amerinyu laini. Kadi ya zamani ilikuwa kubwa, haikuingia kwenye simu mpya. Akaenda dukani, akaweka kidole, akapewa kadi ndogo yenye namba ileile. Kwake hakuna kilichobadilika. Kwa benki kila kitu kilibadilika.

Namba yako ya simu haikai kwenye kadi. Kadi ina utambulisho wake, unaoitwa IMSI, tarakimu zinazoanza na 640 kwa Tanzania na 639 kwa Kenya, na ni daftari la mtandao linalosema IMSI hii ndiyo mwenye namba hii. Kurinyu ni kufuta mstari mmoja kwenye daftari na kuandika mwingine. Kwa kuwa wezi wa benki hufanya hivyohivyo, wakajifanya wewe dukani na kuchukua namba yako, benki nyingi zimeanza kuuliza mtandao kabla ya kutuma: kadi ya namba hii imebadilishwa lini? Ikiwa ni juzi, wanazuia kutuma. Wengine huzuia kwa saa 24, wengine siku tatu, wengine mpaka ufike tawini. Aplikesheni haitakwambia neno hilo. Itaandika tu "namba imetumwa" au "jaribu baadaye," kwa sababu hawataki kumweleza mwizi kilichomkwamisha.

Unalitambua hivi: namba za uthibitisho za huduma nyingine, tuseme Google, zinaingia kwenye laini hiyohiyo, lakini za benki hakuna hata moja tangu siku uliyobadilisha kadi. Dalili hizo mbili zikikutana sioni haja ya kutafuta sababu nyingine kabla ya kuwauliza.

Na kuuliza kuna namna yake. Ukisema "meseji haiji," kijana wa huduma kwa wateja atabonyeza tuma tena na kukuaga. Uliza mawili. Kwanza: je, namba yangu ina zuio la kubadilisha laini? Pili: ombi langu la saa fulani, ndiyo ile saa uliyoiandika, lina ripoti gani kutoka mtandaoni? Kwa kawaida kila meseji inayotumwa kwa njia hii hurudisha ripoti, na kwenye mifumo mingi inasomeka kwa moja ya maneno haya:

```
DELIVRD
EXPIRED
UNDELIV
REJECTD
```

`EXPIRED` maana yake muda wa ujumbe uliisha kadi ikiwa haipatikani. Rudi kwenye vijiti na uchaguzi wa mtandao. `UNDELIV` ni kwamba mtandao ulishindwa kuufikisha, na hapo ndipo penye laini iliyofungwa au namba iliyokosewa. `REJECTD` ni kukataliwa kabla ya safari kuanza, mara nyingi kwa sababu ya jina la mtumaji au kizuizi. `DELIVRD` inasema umefika kwenye simu, na kama ni kweli, tafuta kwenye folda zilizojificha. Nasema kama ni kweli kwa sababu nimewahi kuona njia za bei rahisi zinazorudisha `DELIVRD` kwa kila kitu, hata kwa namba ya simu iliyokuwa imezimwa mbele yangu mezani. Na kama hakuna ripoti yoyote kwa saa uliyotaja, ujumbe haukutumwa kabisa. Hilo ndilo jibu alilolipata mdogo wangu kesho yake asubuhi: maombi manane yameandikwa, hakuna hata moja lililotoka nje ya benki. Zuio la laini. Walimuuliza maswali ya utambulisho, wakamtaka atume picha yake akiwa ameshika kitambulisho, na mchana ule namba ikaja ndani ya sekunde kumi.

Kwa hiyo alikuwa na magonjwa mawili, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili. Ukitibu moja na hali isibadilike, usihitimishe kuwa dawa ilikuwa mbaya. Rudia jaribio la meseji ya mtu, uone sasa uko upande gani wa njia.

Kama unajua utasafiri, rinyu laini wiki mbili kabla, si siku nne. Iweke kwenye simu hukohuko nyumbani, itumie, kisha ingia benki nayo mara moja ili zuio, kama lipo, likukute ukiwa karibu na tawi. Ukiipoteza ukiwa nje ni shida kubwa zaidi. Tanzania kurudisha laini kunataka alama za vidole za mwenyewe, kwa hiyo kaka au mama hawezi kukufanyia. Ukiwa bado nyumbani, piga `*106#` uhakikishe laini imesajiliwa kwa jina lako na si la binamu aliyekununulia mwaka ule, maana asiyekuwa mwenyewe kwenye daftari hatarudishiwa kitu.

Simu isiyo na tundu la laini

Hili linawakuta watu wakiwa wameshalipa. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi. Zinatumia laini ya kidijitali, eSIM, peke yake. Tangu iPhone 17 ya 2025 hali ni hiyohiyo Omani, Imarati, Saudia, Katari, Kuwaiti na Bahreni. Unanunua simu Maskati, unatoa kadi ya Tanzania kwenye simu ya zamani, na hakuna pa kuiweka.

Kama mtandao wako wa nyumbani una eSIM, kuibadilisha kadi kuwa eSIM ni kurinyu kamili: IMSI mpya, zuio lilelile la benki, na huenda ukatakiwa ufike dukani kwa kidole. Binafsi singejaribu hilo nikiwa nje. Ningeacha kadi kwenye simu ndogo ya pili, hata ya vitufe, mradi ishike mtandao wa nchi ulipo, na hapo lazima uulize, maana simu ya 2G peke yake inazidi kukosa pa kushika mwaka hadi mwaka.

Kumwachia mtu laini

Wengi huacha laini nyumbani kwa ndugu, wakihitaji namba wanampigia awasomee. Kiufundi inafanya kazi vizuri kuliko romingi yoyote: kadi iko nyumbani, daftari liko nyumbani, ujumbe unafika mara moja. Lakini jua unachokiacha. Laini hiyo ndiyo pia M-Pesa yako au Airtel Money yako, na mwenye kuishika anaweza kuomba kuweka upya nywila za akaunti zako nyingi bila kukuuliza. Simzungumzii ndugu mwizi. Nazungumzia simu ya ndugu ikiibwa kwenye daladala. Ukiamua hivyo, weka PIN ya kadi yenyewe, itakayoulizwa kila simu inapowashwa, na mpe ndugu huyo namba hiyo kwa mdomo tu. Na mkubaliane kwamba hasomi tarakimu kwa mtu yeyote asiyesikia sauti yako, maana matapeli nao hutuma "kaka, nitumie ile namba" kwa akaunti za WhatsApp walizoziiba.

WhatsApp yenyewe haihitaji laini kuwa hewani baada ya kusajiliwa. Inaihitaji siku ya kuisajili upya. Kwa hiyo usiifute wala usiihamishie simu mpya wakati laini ya zamani haipokei meseji, hata kama simu ya zamani kioo kimepasuka. Kwanza rudisha meseji, au badilisha namba ndani ya WhatsApp kwenda ya Omani wakati bado iko hai kwenye simu ya zamani.

Na kwa huduma zinazoruhusu, ondoka kwenye meseji kabisa. Aplikesheni ya kuzalisha namba za uthibitisho hutoa tarakimu sita kila sekunde 30 bila mtandao wowote, kwa kutumia siri iliyohifadhiwa ndani ya simu na saa ya simu. Haijali uko nchi gani. Ikikataa, karibu kila mara ni saa ya simu iliyowekwa kwa mkono; irudishe kwenye muda wa moja kwa moja. Google pia hukupa namba kumi za akiba za kuandika kwenye karatasi, kila moja ya kutumia mara moja. Benki nyingi za kwetu bado hazina njia hizi, na kwa hizo utaendelea kuitegemea kadi.

Mdogo wangu sasa ana simu ndogo ya vitufe juu ya kabati la jikoni, waya wa chaji umechomekwa, laini ya Tanzania ndani, romingi wazi, PIN imewekwa. Kila tarehe mosi ananitumia meseji moja kutoka kwayo ili laini isihesabiwe imelala. Mwezi huu imeandikwa "nipo," na chini yake, "umekula?"